Kijiji kimoja hakigeuki kata kwa mhuri wa mwenyekiti

Barua hizi zinafanana. Juu kulia ni anuani ya Serikali ya Kijiji na sanduku la posta la mjini, kushoto ni "Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya", halafu unakuja mstari wa herufi kubwa: "YAH: MAOMBI YA KIJIJI CHETU KUWA KATA INAYOJITEGEMEA." Aya ya kwanza inasema husika na somo la hapo juu. Ya pili inaeleza kwamba kijiji kimekuwa kikubwa, watu wameongezeka, makao makuu ya kata yako mbali na akina mama wajawazito wanateseka. Ya tatu inatumaini kwamba ombi litapokelewa kwa mikono miwili. Chini kuna sahihi ya mwenyekiti na mhuri wa kijiji uliogongwa ukafunika nusu ya jina. Ukurasa mmoja, basi. Mwaka ukipita bila jibu inaandikwa nyingine, safari hii ikiwa na aya ya "rejea barua yetu ya awali".

Wanaoziandika wana hoja. Vipo vijiji nchini ambavyo mtu hutembea nusu siku kufika ofisi ya kata, na akifika anaambiwa mtendaji yuko kwenye kikao wilayani. Lakini barua ya aina hii haifiki popote, na sababu kubwa ninayoiona ni kwamba inajifanya hatua ya kwanza wakati ilipaswa kuwa ya nne au ya tano. Kazi yote inayoipa uzito inatakiwa iwe imekamilika kijijini kabla mtu hajashika kalamu, na ukiifanya kazi hiyo kwa uaminifu, mara nyingi unagundua kuwa kinachotakiwa kuombwa si kile kilichoandikwa kwenye mstari wa YAH.

Tuanze na kata yenyewe. Kwa upande wa vijijini, Tanzania Bara, kata ni eneo linalobeba vijiji kadhaa. Bara ina kata zinazokaribia 4,000, na vijiji zaidi ya 12,000. Ukiziweka kando kata za mijini, ambazo zina mitaa badala ya vijiji, kata ya kawaida ya shamba inabaki na vijiji vitatu, vinne, vitano au zaidi. Kamati ya Maendeleo ya Kata imeundwa kwa hesabu hiyo: diwani ndiye mwenyekiti, mtendaji wa kata ni katibu, na wenyeviti wa vijiji ndio wajumbe. Kata yenye kijiji kimoja itakuwa na kamati ambayo diwani na mwenyekiti wa kijiji wanatazamana wao kwa wao. Kwa hiyo mwenyekiti anayeomba kijiji chake kiwe kata anaomba, bila kulitaja, jambo jingine lililo chini yake: kijiji chake kigawanywe kwanza kiwe vijiji kadhaa. Hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu, na barua haisemi neno juu yake.

Nitatumia mfano wa kubuni, lakini wenye sura ya vijiji vingi ninavyovijua. Kijiji kina vitongoji vinane na kaya 1,400. Kwa wastani wa watu 4.3 kwa kaya, ambao ndio uliotolewa na sensa ya 2022, hao ni watu kama 6,000. Ofisi ya kata iko kilomita 19 kutoka senta ya kijiji. Mwenyekiti anapiga hesabu ya haraka. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250, na namba hiyo imebaki vichwani mwa watu hadi leo. Gawanya 1,400 kwa 250, unapata vijiji vitano na chenji. Vijiji vitano ni kata. Kwenye karatasi imekamilika.

Sasa shuka uwanjani. Vitongoji havikugawanywa kwa rula. Kitongoji cha senta, penye gulio na shule ya msingi, kina kaya 340. Jirani yake upande wa pili wa barabara kina 260. Hivyo viwili kila kimoja kinaweza kusimama chenyewe. Ng'ambo ya mto kuna kitongoji cha kaya 210 na kingine cha 90, vikiunganishwa ni 300, kijiji cha tatu. Upande wa mlimani kuna cha 190 na cha 110, navyo vinafanya 300, kijiji cha nne. Vinabaki vitongoji viwili vya mwisho kabisa, kilomita 11 kutoka senta, kimoja kina kaya 150 na kingine 50. Jumla 200. Havifiki.

Hao 200 ndio wanaotajwa kwenye aya ya pili ya barua. Mama mjamzito anayebebwa kwa machela anatoka huko. Mtoto anayeacha sekondari kwa sababu ya umbali anatoka huko. Barua imeandikwa kwa jina lao, lakini mgawanyo ukipita watabandikwa kwenye kijiji cha mlimani au cha ng'ambo ya mto, kulingana na nani atakayekubali kuwabeba. Ofisi ya kata mpya itajengwa senta, maana ndipo penye kiwanja, umeme na wasemaji wengi. Kwao safari ya kwenda kata itapungua kutoka kilomita 30 hadi 11, na hiyo ni nafuu ya kweli. Ila safari ya kwenda ofisi ya kijiji, ambayo mtu huifuata mara nyingi zaidi kwa barua ya utambulisho, kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, kwa mkutano, inaweza ikabaki ile ile au ikaongezeka, kama ofisi ya kijiji chao kipya itakaa ng'ambo ya mto usiopitika masika.

Kama ningekuwa ofisa mipango wa halmashauri ninayepokea barua hii, swali langu la kwanza lingekuwa hilo: wale wa mwisho mmewapanga wapi? Mwenyekiti aliyefanya kazi yake atakuwa na jibu, hata likiwa jibu la shida. Yule aliyeandika barua akiwa senta, kwa kusikiliza wa senta, hatakuwa nalo, na ofisa anaweza kuligundua hilo bila kutoka ofisini. Anafungua orodha ya mahudhurio ya mkutano mkuu na kutazama safu ya kitongoji. Ikiwa majina 180 kati ya 200 ni ya vitongoji viwili vya barabarani, amekwisha kupata picha.

Mahudhurio hayo ndiyo roho ya maombi. Mkutano mkuu wa kijiji, wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, ndiyo mamlaka ya juu ya kijiji. Mwenyekiti anauongoza tu. Halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25 inaweza kuandaa pendekezo, lakini haiwezi kukigawa kijiji kwa niaba ya wenye kijiji. Barua yenye sahihi ya mwenyekiti bila muhtasari wa mkutano mkuu ni maoni ya mtu mmoja mwenye mhuri. Na muhtasari wenyewe usomeke kama muhtasari: tangazo lilitoka lini, ajenda ilitajwa kwa jina lake au ilifichwa chini ya "mengineyo", mapendekezo ya mipaka yalikuwaje, nani alipinga na kwa nini, kura zilikwendaje. Muhtasari unaosema "wajumbe wote waliafiki kwa kauli moja" juu ya jambo la kugawana ardhi unamtia shaka msomaji yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji. Kuna wanaochukua orodha ya waliojiandikisha kwa ajili ya mbegu za ruzuku wakaibandikia kichwa kipya. Hilo nalo hujulikana, kwa sababu watu wanaokwenda kwenye mkutano hawajipangi kwa alfabeti.

Ardhi ndiyo inayofuata, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo maombi mengi yanapovunjika baada ya kuonekana yamefaulu.

Kijiji si watu tu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini wa wakazi, ndani ya mipaka iliyokubaliwa na majirani na kuandikwa kwenye Cheti cha Ardhi ya Kijiji. Kijiji chetu cha mfano kina cheti hicho, kimefungiwa kabatini kwa mtendaji. Kina pia mpango wa matumizi bora ya ardhi: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, kule mlimani msitu wa kijiji. Baadhi ya wakazi wamepewa hati za hakimiliki za kimila zenye jina la kijiji. Siku kijiji kinapogawanywa mara nne, cheti kile kinaeleza eneo ambalo halina tena mmiliki mmoja. Mipaka mipya inatakiwa ipimwe, vyeti vipya vitolewe, mpango wa matumizi urudiwe kwa kila kijiji. Kazi hiyo ina gharama, na halmashauri nyingi zina vijiji vilivyosubiri upimaji wa kwanza kwa miaka bila kuupata, sembuse wa pili.

Kubwa zaidi ni vile vitu ambavyo havigawanyiki. Msitu uko mlimani, kwa hiyo utaangukia kijiji cha mlimani. Malisho yako kule mwisho, kwa wale 200. Josho liko ng'ambo ya mto. Gulio, lenye ushuru, liko senta. Kabla ya mgawanyo vyote ni vya wote na ugomvi unaamuliwa kwenye mkutano mmoja. Baada ya mgawanyo, mfugaji wa senta anayepeleka ng'ombe malishoni anaingia kwenye ardhi ya kijiji kingine, na mwanamke wa ng'ambo anayeokota kuni mlimani anaweza kukamatwa na mgambo wa kijiji ambacho juzi kilikuwa chake. Sheria ile ile ya 1999 imeacha mlango: vijiji vinaweza kufanya makubaliano ya kutumia na kusimamia ardhi kwa pamoja. Lakini makubaliano hayo yanajadiliwa vizuri zaidi kabla ya kugawana, wakati kila upande bado una kitu ambacho mwenzake anakihitaji. Ukigawa kwanza ukasema mtaelewana baadaye, mwenye msitu hana haraka yoyote ya kuelewana.

Kwa hiyo, kama mtu angeniuliza kiambatisho kipi kingefanya barua ya namna hii isomwe kwa makini, ningesema makubaliano ya vitongoji juu ya msitu, malisho, josho na maji, yaliyosainiwa na wenyeviti wa vitongoji wote wanane baada ya kila kitongoji kukaa kikao chake. Ramani ya kuchora kwa mkono inatosha kuanzia, mradi ionyeshe alama ambazo hazihami: mto, mlima, barabara, daraja. Mpaka unaopita "kwenye mwembe wa mzee fulani" una umri wa mwembe huo.

Tuseme kijiji kimefanya yote hayo. Barua inapelekwa wapi? Wengi humwandikia mkuu wa wilaya, kwa sababu ndiye mkubwa anayeonekana, anayekuja na msafara, ambaye wananchi wanamlilia shida zao. Lakini mkuu wa wilaya ni mwakilishi wa Serikali Kuu. Faili la kugawa kata linaanzia serikali za mitaa, kwa mkurugenzi mtendaji wa halmashauri, likipitia kwa mtendaji wa kata. Barua iliyoanzia kwa mkuu wa wilaya itaandikwa pembeni kwa kalamu "DED, shughulikia", itateremka kwa mkurugenzi, mkurugenzi atairudisha kwa mtendaji wa kata kwa maoni, na miezi itakuwa imeondoka. Wakati huohuo mtendaji wa kata na diwani watakuwa wameshajua kwamba wamerukwa. Kisiasa hilo ni kosa kubwa kuliko la anuani.

Maana kituo cha kwanza baada ya mkutano mkuu ni Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mwenyekiti wake ni diwani yule yule ambaye kata yake inaombwa ikatwe. Fikiria hesabu yake. Labda kijiji hiki kikubwa ndicho kinachompa kura nyingi, kikiondoka anabaki kwenye vijiji vya mpinzani wake. Au kinyume chake, ndicho kinachomnyima usingizi, na akikiona kinaondoka atapiga makofi. Maslahi hayo hayaandikwi popote, lakini ndiyo yanayoamua kama ajenda itaingia kikao hiki au "itaandaliwa vizuri zaidi" kwa kikao kijacho. Wenyeviti wa vijiji vinavyobaki nao wana swali halali: tukibaki vinne, sisi tutakuwa kata yenye nguvu gani? Sekondari ya kata iko upande gani wa mpaka? Kama iko kwetu, watoto wenu wataendelea kusoma hapa, na madawati atachangia nani?

Mwenyekiti mwerevu hutumia kikao hiki kufanya jambo ambalo barua ya ukurasa mmoja haiwezi. Anatafuta kijiji jirani kilicho upande wake, ambacho nacho kiko mbali na makao makuu, na anakiomba kije pamoja naye. Katika mfano wetu, kijiji jirani chenye kaya 700, kikiungana na vijiji vinne vinavyotokana na chetu, kinatoa vijiji vitano na kaya 2,100. Kwa wastani ule ule wa sensa ni watu kama 9,000. Hapo maombi yamebadilika sura. Hayaonekani tena kama kijiji kimoja kinachojikuza, bali upande mzima wa kata uliotengwa na umbali. Bei yake ni kwamba lazima mkubaliane juu ya mambo mawili ambayo yamewahi kuvunja maombi mengi kuliko ukosefu wa watu: jina la kata na makao makuu yake. Watu waliokubaliana juu ya kila kitu wanaweza kugombana mwaka mzima juu ya jina. Ushauri wangu ni mkavu tu: jina liende kwa kijiji kimoja, ofisi iende kwa kingine, na iandikwe kwenye muhtasari wa pande zote mbili.

Baada ya hapo njia inajulikana, na nitaipitia haraka. Kamati ya kata ikiridhia, ombi linakwenda Baraza la Madiwani. Likipita linakwenda Kamati ya Ushauri ya Wilaya, na hapa ndipo mkuu wa wilaya anapoingia, akiwa mwenyekiti. Kisha Kamati ya Ushauri ya Mkoa chini ya mkuu wa mkoa, halafu TAMISEMI, ambako ombi linapimwa kwa vigezo vya mwongozo wa kuanzisha maeneo mapya ya utawala: idadi ya watu na kaya, idadi ya vijiji, ukubwa wa eneo, umbali na hali ya kijiografia, uwezo wa kujiendesha. Kata haipo mpaka itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Kila ngazi ina vikao vyake kwa ratiba yake, na faili likikosa kiambatisho kimoja halisubiri hapo lilipo, linarudi chini.

Na sasa swali ambalo wenyeviti hawapendi kuulizwa: mnaitakia nini kata?

Jibu la kweli, nadhani, lina historia. Tangu mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa mwaka 2004, neno "sekondari ya kata" limekuwa la kila nyumba. Ukawa na kata, ulikuwa na haki ya kudai sekondari. Kisha ukaja mpango wa maendeleo ya afya ya msingi, MMAM, wa 2007 hadi 2017, ulioahidi zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Mwenyekiti yeyote mwenye akili aliisoma sera hiyo kama bei iliyobandikwa: kijiji kinapata zahanati, kata inapata kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji. Kwa hiyo aliomba kata. Simlaumu, alifuata motisha aliyowekewa.

Lakini mambo yamebadilika na barua hazijabadilika. Miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikizungumzia vituo vya afya kwenye kata za kimkakati, yaani kimoja kikae mahali pa kuhudumia kata kadhaa, badala ya kila kata kujengewa chake. Mabaraza ya kata, ambayo watu walikuwa wakiyafuata kwa kesi za ardhi, yaliondolewa uwezo wa kuamua migogoro hiyo kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, yakabakiwa na usuluhishi. Kata bado ina mtendaji, ina diwani anayeingia kwenye baraza la halmashauri kupigania bajeti, ina mkaguzi wa polisi. Hivyo ni vitu vya maana. Ila ule uzito wa kwamba kata mpya italeta majengo kwa nguvu ya sera umepungua sana, na mwananchi anayeambiwa kwenye mkutano kwamba "tukipata kata tutapata kituo cha afya" anadanganywa kidogo.

Upande wa Serikali nao una lawama zake. Kwa miaka kadhaa wabunge wamekuwa wakiuliza bungeni lini kata fulani itagawanywa, na majibu yamekuwa ya aina moja: kipaumbele kwa sasa ni kukamilisha miundombinu ya maeneo yaliyopo, ombi likikidhi vigezo litafanyiwa kazi. Hoja ya gharama naikubali. Kata mpya ni mshahara wa mtendaji, posho yake ya madaraka, posho ya diwani, jengo la ofisi, na kila kijiji kipya ndani yake ni mtendaji mwingine wa kijiji, wakati vijiji vilivyopo bado vina watendaji wa kukaimu. Nisichokikubali ni ukimya wa ngazi za chini. Kijiji kilichofanya mkutano halali na kupeleka muhtasari kina haki ya jibu la maandishi linalosema kigezo gani kimekosekana. Kinapokosa jibu kinaandika tena ile ile, halmashauri inaipuuza tena ile ile, na suala linageuka kuwa ahadi ya uchaguzi, mahali pabaya kuliko pote pa kujadili mipaka ya malisho.

Saa ya uchaguzi nayo ina maana katika hesabu hii kuliko wengi wanavyofikiri. Viongozi wa vijiji na vitongoji walichaguliwa 27 Novemba 2024. Madiwani walichaguliwa kwenye uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025. Ni chaguzi mbili tofauti, ya kwanza ikisimamiwa na TAMISEMI, ya pili na Tume ya uchaguzi. Vijiji vipya huwa na maana vinapotangazwa kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao kwa mzunguko wa miaka mitano utafika 2029. Kata mpya hupata diwani kwenye uchaguzi mkuu unaofuata, 2030. Kwa hiyo mpangilio wa maana kwa kijiji kama cha mfano wetu ni kuomba sasa mgawanyo wa vijiji, kwa hoja ya wale 200 wa mwisho na kwa makubaliano ya ardhi mkononi, na kuomba kata juu ya msingi huo pamoja na jirani. Vijiji vikikubaliwa na kata ikakataliwa, wananchi watakuwa wamepata serikali nne za vijiji zilizo karibu nao badala ya moja iliyoko senta. Ukiomba kata peke yake na ikakataliwa, hupati kitu.

Kuna hatari katika ushauri huu na siifichi. Kugawa kijiji ni kugawa pia uwezo wake wa kusema. Kijiji cha watu 6,000 kikienda kwa mkurugenzi kudai daraja kinasikilizwa. Vijiji vinne vya watu 1,500 vinaweza kushindanishwa, kila kimoja kikiambiwa daraja liko kwa mwenzake. Ndiyo maana baadhi ya wazee hupinga mgawanyo wowote, na ukiwasikiliza bila haraka utaona si ubishi wa uzee. Wanakumbuka nani aliyechimba mfereji, na kwamba ulichimbwa na wote. Hoja yao iingie kwenye muhtasari kwa maneno yao wenyewe, kwa sababu ofisa wa wilaya akiisoma humo ataamini kuwa mkutano ulifanyika kweli.

Barua yenyewe, ikifika wakati wake, itakuwa fupi kuliko ile ya mwanzo. Itakwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji, k.k. Mtendaji wa Kata, nakala kwa mkuu wa wilaya na diwani. Itataja tarehe ya mkutano mkuu, idadi ya waliohudhuria kwa kila kitongoji, vijiji vinavyopendekezwa na kaya zake, umbali wa kila kimoja hadi ofisi mpya, na orodha ya viambatisho. Mateso ya akina mama yatakuwa humo, kwa kilomita na kwa majina ya vitongoji. Mtendaji wa kijiji aipeleke kwa mkono, agongewe mhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala yake, na baada ya hapo aulize jambo moja tu kila akienda wilayani: ajenda hii imepangwa kikao cha tarehe ngapi?